Nani, Lini, na Mvuto wa Aina Gani

Mwishoni mwa Aprili 2018 mwanamuziki wa Marekani, Janelle Monáe, alizungumza na jarida la Rolling Stone kuhusu maisha yake ya mapenzi. Alieleza kwamba mwanzoni alijiona kuwa baiseksuali, kisha akasoma kuhusu panseksuali na kujikuta na humo yumo. Siku hiyo neno hilo likaongoza kwa kutafutwa katika kamusi ya Merriam-Webster. Watu walitaka kujua mwimbaji wao amesema nini hasa.

Tangu hapo maneno ya namna hii yameongezeka katika simu za vijana wetu, kupitia tamthilia, TikTok na riwaya. Mzazi wa Kisauni au Kinondoni analikuta neno demiseksuali au aromantiki kwenye wasifu wa mwanawe, naye hana pa kuanzia. Lalamiko ninalolisikia mara nyingi ni kwamba majina yamekuwa mengi mno, na kila kukicha linazuka jipya. Mimi naona ugumu uko kwingine. Tunayapanga majina haya yote kwenye orodha moja, kana kwamba ni majibu tofauti ya swali lilelile, na hapo ndipo yanapotuchanganya.

Kwa muda mrefu swali lilikuwa moja tu: unavutiwa na jinsia gani? Mwaka 1948 Alfred Kinsey wa Chuo Kikuu cha Indiana alichapisha utafiti wake juu ya wanaume, na humo akaweka kipimo cha kuanzia 0 hadi 6. Sifuri ilikuwa ya mtu aliyevutiwa na jinsia nyingine pekee, sita ya aliyevutiwa na jinsia yake pekee, na waliobaki walikaa katikati. Palikuwa na watu ambao hawakuingia popote kwenye mstari huo, kwa sababu hawakuonyesha mvuto wowote. Kinsey aliwapa herufi X akawaweka pembeni. Maneno mengi tunayoyasikia leo yamezaliwa na watu ambao kipimo cha swali moja hakikuwatosha. Panseksuali anajibu swali la nani. Demiseksuali anajibu swali la lini. Aromantiki anajibu swali la mvuto wa aina gani. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kubeba majina mawili kati ya hayo bila kujipinga.

Tuanze na nani. Panseksuali ni mtu ambaye jinsia ya mwenzake haiamui kama atavutiwa naye au la. Anaweza kumpenda mwanamke, mwanamume, au mtu asiyejihesabu upande wowote. Ukimuuliza alichokipenda atakutajia ucheshi, sauti, namna mwenzake anavyofikiri, pengine hata umbo lake. Wako wanaodhani kwamba mtu wa namna hii huvutiwa na kila anayepita mbele yake. Sivyo. Kijana anayesema hajali kabila la mchumba hajasema kwamba atamwoa yeyote atakayemkuta stendi. Amesema tu kwamba kabila si kigezo chake. Wengine hudhani kwamba panseksuali lazima awe na wapenzi wengi kwa pamoja. Idadi ya wapenzi ni habari ya makubaliano na uaminifu, na kwa hilo panseksuali hana tofauti na watu wengine: wako wenye mume au mke mmoja maisha yao yote.

Mpaka ulio mgumu kuuchora ni ule kati ya panseksuali na baiseksuali. Baadhi ya watu husema baiseksuali huvutiwa na jinsia mbili tu na panseksuali na zote, lakini baiseksuali wengi wamelikataa fafanuzi hilo kwa miaka mingi. Mwaka 1990 kundi lao moja la San Francisco liliandika tamko likisema wasidhaniwe kuamini kwamba jinsia ni mbili pekee. Kwa hiyo watu wawili wenye hisia zilezile wanaweza kujiita tofauti. Mmoja atabaki na baiseksuali kwa sababu ndilo jina la watu waliompokea miaka ishirini iliyopita. Mwingine, mdogo kwake, atachagua panseksuali kwa kuwa anataka ieleweke mara moja kwamba jinsia haimo kabisa kwenye hesabu zake. Kuwabishania nani kakosea ni kupoteza wakati, maana jina hapa limebeba hisia na historia ya mtu kwa pamoja.

Swali la lini linahitaji subira zaidi, kwani jibu lake hupuuzwa kirahisi kuliko yote. Mwaka 2001 David Jay, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo nchini Marekani, alianzisha mtandao uitwao AVEN kwa ajili ya watu wasiohisi mvuto wa kimwili kwa mtu yeyote, yaani aseksuali. Wale wa herufi X sasa walipata mahali pa kukutana. Walipokuwa wakisimuliana maisha yao, ikaonekana kwamba baadhi yao walikuwa na hadithi isiyofanana kabisa na ya wenzao. Wao hawakuhisi chochote kwa miaka mingi, halafu mvuto ukaja, kwa mtu mmoja waliyekwisha kuwa karibu naye sana. Mwaka 2006 mmoja wao akapendekeza neno demiseksuali, nalo likakubalika.

Tuseme kuna msichana wa miaka 23, yuko chuoni Dodoma, analala hosteli na wenzake watatu. Usiku taa zikizimwa wanazungumza kuhusu mwigizaji fulani au mhadhiri mpya. Wenzake wanacheka, wanashika vifua, na mmoja anasema moyo ulimwenda mbio alipompita koridoni. Msichana wetu naye anataja jina la mtu ili asiachwe nje ya mazungumzo. Moyoni anaamini wenzake wanatia chumvi. Anaona kwamba mwigizaji yule ana sura nzuri, kama anavyoona kwamba nyumba fulani imejengwa vizuri, na hisia yake inaishia hapo. Mwaka wa tatu anapangwa kufanya mradi na kijana mmoja. Miezi minane wanashinda maktaba pamoja. Kijana anafiwa na babake, msichana anasafiri kwenda msibani, wanarudi, wanaendelea. Siku moja anagundua kwamba anaisikiliza sauti ya kijana yule kwa namna ambayo hajawahi kuisikiliza sauti ya mtu, na kwamba mkono wake ukigusana na wa kijana anashtuka mwili mzima. Yule mwigizaji amebaki vilevile, picha nzuri tu. Mvuto umekuja kwa mtu mmoja, tena baada ya ukaribu kujengeka.

Ukimsimulia shangazi kisa hiki, atakuambia huyo ni binti aliyelelewa vizuri tu, hana haja ya jina. Hoja yake inastahili jibu la heshima. Binti mwenye kujistahi huhisi mvuto kama wenzake na hujizuia kwa sababu ya dini, malezi au mipango yake. Yeye ana kitu cha kukizuia. Msichana wetu hakuwa akijizuia, kwa kuwa hapakuwa na kitu. Kusubiri ni uamuzi, na mtu anaweza kuubadilisha uamuzi wake kesho. Hisia ambayo haijaja hailetwi na uamuzi. Ndiyo maana demiseksuali anaweza kuwa mcha Mungu au asiwe, na anaweza kuwa ameolewa bikira au la. Jina lake halisemi lolote kuhusu maadili yake.

Hoja nyingine ni kwamba watu wengi, hasa wanawake, hupenda kumjua mtu kwanza. Ni kweli, na hapa mstari hauko wazi kama ambavyo wengine wangependa. Kinachosaidia ni mtu kuangalia nyuma na kujiuliza kama amewahi kuvutiwa kimwili na mgeni: abiria kwenye basi, mchezaji wa mpira, jirani mpya ambaye hajawahi hata kusalimiana naye. Aliyewahi mara nyingi, lakini akachagua kutochukua hatua, ni mtu mwenye kuchagua. Ambaye hajawahi kabisa, au karibu kabisa, ndiye ambaye neno hili lilitungwa kwa ajili yake. Hakuna kipimo cha damu wala fomu ya daktari itakayoamua. Hakuna pia muda maalumu: kwa wengine ukaribu hujengeka kwa wiki chache, kwa wengine ni miaka. Tena ukaribu hauhakikishi chochote. Demiseksuali anaweza kuwa na rafiki wa damu kwa miaka kumi na mvuto usije kamwe, jambo linalowaumiza baadhi ya marafiki wanaosubiri wakiamini kwamba zamu yao itafika.

Liko jambo moja la kuwa nalo makini. Kama mtu alikuwa akihisi hamu kwa kawaida, kisha ikapungua ghafla au ikatoweka, hayo ni mabadiliko, na yanaweza kuwa na chanzo kinachotibika: sonona, homoni, uchovu wa kulea mtoto mchanga, au baadhi ya dawa za sonona zenyewe. Huyo aende hospitali kabla ya kujitafutia jina. Demiseksuali na aseksuali kwa kawaida husimulia hali waliyokuwa nayo tangu walipobalehe.

Aromantiki ndiye anayetutatiza zaidi watu wa ukanda huu, kwa sababu anagusa ndoa. Huyu hahisi mvuto wa mahaba, au huuhisi kwa nadra sana. Ile hali ya kumuwaza mtu usiku kucha, kutamani kuwa wa pekee kwake, kuona wivu akitajwa mwingine, haimjii. Mwaka 1979 mwanasaikolojia wa Marekani Dorothy Tennov alichapisha kitabu juu ya hali hiyo ya kuzama kimapenzi, baada ya kukusanya maelezo ya mamia ya watu. Wengi walimweleza mateso na raha zake kwa maneno yanayofanana, lakini wengine walimwambia hawajawahi kuipitia, nao walikuwa watu wazima wenye maisha ya kawaida. Tennov aliwaamini. Miongo kadhaa baadaye, watu wanaofanana nao wakapata jina la aromantiki.

Hapa ni lazima tutenganishe vitu viwili tulivyozoea kuvifunga pamoja, yaani mvuto wa kimwili na mahaba. Yuko mtu anayehisi vyote viwili, na ndio walio wengi. Yuko aseksuali anayetamani mapenzi, kushikana mikono, kuzeeka na mtu, ila hahisi hamu ya kimwili. Yuko aromantiki mwenye hamu ya kimwili kama watu wengine, ambaye mahaba hayamjii. Na yuko asiyehisi hata kimoja, kama Yasmin Benoit, mwanamitindo na mwanaharakati wa Uingereza, anayejitambulisha hadharani kuwa aromantiki na aseksuali kwa pamoja. Wa kundi la tatu ndiye anayehukumiwa vibaya zaidi. Huitwa mhuni anayechezea watu, hata pale anapokuwa amesema ukweli wake tangu siku ya kwanza.

Kutohisi mahaba hakumaanishi kutopenda. Aromantiki humlilia mamake, huwalea watoto wa dada yake, hukesha na rafiki mgonjwa. Elizabeth Brake, mwanafalsafa wa Marekani, aliandika mwaka 2012 kwamba jamii hudhani kila mtu anatafuta mpenzi mmoja wa kudumu, na kwamba uhusiano huo lazima uwe juu ya mahusiano mengine yote. Dhana hiyo, anasema, hushusha thamani ya urafiki na ya malezi yasiyo ya ndoa. Ukiwa umekaa kwenye harusi yoyote ya Tanga au Lamu, umri umepita thelathini na hujaoa wala kuolewa, utakuwa umeshakutana na dhana hiyo kabla sahani ya pilau haijafika. Swali la utaolewa lini huulizwa kwa upendo, na muulizaji hana jinsi ya kujua kwamba mbele yake amekaa mtu ambaye kitu kinachoulizwa hakijawahi kumjia hata mara moja.

Wengine huingia kwenye ndoa kwa kudhani mahaba yatafuata, kwa sababu ndivyo walivyoambiwa. Kwa baadhi, ndoa ya kuheshimiana na kulea watoto hutosha, na pande zote mbili huridhika. Inapoharibika, mara nyingi huharibika hivi: mmoja anangoja maneno matamu na wivu kidogo, mwingine anapika, anauguza, analipa karo na kuamini kwamba huo ndio upendo wote uliopo. Yule wa kwanza anaamini hapendwi, na wa pili hajui amekosa nini. Wakilipata neno, angalau wanaweza kujadili jambo lenyewe badala ya kutafuta hawara ambaye hayupo.

Hiyo ni sababu moja ya watu kuyathamini majina haya. Sababu nyingine ni daktari. Mwaka 2013 Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kilitoa toleo la tano la mwongozo wake wa magonjwa ya akili. Katika maelezo ya tatizo la ukosefu wa hamu, mwongozo huo unasema kwamba mtu ambaye hali yake ya maisha yote inaelezwa vizuri zaidi na kujitambulisha kwake kuwa aseksuali asipewe utambuzi wa ugonjwa. Watu wa AVEN walikuwa wamelishughulikia suala hilo kwa miaka. Kwa mgonjwa aliyeketi mbele ya daktari, neno moja linaweza kumwepusha na dawa asizozihitaji.

Pamoja na faida hizo, wako wanaoyakwepa majina, na utafiti ninaouona kuwa na maana zaidi juu yao ni wa Lisa Diamond wa Chuo Kikuu cha Utah. Mwaka 1995 alianza kuwahoji wanawake vijana wa Marekani, wa miaka 18 hadi 25, ambao hawakujiita wapenzi wa wanaume pekee. Baadhi walijiita wasagaji, baadhi baiseksuali, na baadhi walikataa jina lolote. Aliwahoji mara tano katika miaka kumi. Mwaka 2008, alipotoa matokeo ya wanawake 79, theluthi mbili yao walikuwa wamebadilisha jina angalau mara moja.

Msomaji wa haraka atasema basi hisia zao zilikuwa za kupita. Diamond hakukuta hivyo. Waliovutiwa na jinsia zote mwanzoni kwa kiasi kikubwa walibaki hivyo. Kilichoyumba zaidi ni jina. Msichana aliyejiita msagaji akampenda mwanamume mmoja, na ghafla jina likawa linamhukumu: marafiki wakamuuliza alikuwa akidanganya wakati ule au anadanganya sasa. Wengine kama yeye walihamia kwenye jina pana zaidi, au wakaacha kujiita chochote. Wapo waliomweleza Diamond kwamba kinachowavuta ni mtu mwenyewe, jinsia yake ni jambo la baadaye. Msomaji wa leo angewaita panseksuali. Baadhi yao pengine wangelikataa na hilo, kwa sababu ileile iliyowafanya wayaache mengine.

Hapo ndipo naona jina linapoanza kuumiza. Jina lililotungwa kueleza yaliyomtokea mtu hugeuka kuwa amri juu ya yatakayomtokea. Dalili zake zinaonekana. Kijana aliyejiita aromantiki anaanza kumpenda mtu, na badala ya kufurahi anaona aibu, kama aliyewasaliti wenzake. Demiseksuali anaulizwa na wenzake kama kuvutiwa kwake mara moja na mgeni kunamfukuza kundini. Mtu akifikia kuzihesabu hisia zake ili zilingane na jina, ana haki ya kulitua jina hilo. Hakutakuwa na uongo wowote katika aliyoyasema zamani.

Kwetu Afrika Mashariki kuna sababu nyingine ya kuyakwepa, nayo ni sheria. Machi 2023 Bunge la Uganda lilipitisha muswada dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, uliofanya hata kujitambulisha kwa majina kama haya kuwa kosa. Rais Museveni aliurudisha, na katika sheria aliyoisaini Mei kipengele hicho kiliondolewa, ingawa adhabu za vitendo zilibaki kali sana. Kenya mwaka huohuo, mwezi Februari, Mahakama ya Juu iliamua kesi iliyoanza mwaka 2013, baada ya ofisi ya kusajili mashirika kukataa majina yaliyokuwa na maneno mawili yanayomaanisha shoga na msagaji. Majaji watatu dhidi ya wawili walisema kukataa kwa sababu hiyo kulikuwa ubaguzi. Vitendo vyenyewe vinabaki kosa chini ya Kanuni ya Adhabu ya Kenya, na Tanzania vilevile. Mwanamke panseksuali aliyeolewa na mwanamume Arusha anaweza kuishi maisha yake yote bila mtu kujua lolote, na anaweza kuwa ameamua hivyo akiwa na akili timamu. Ukimya wake si lazima uwe aibu. Una hesabu za kazi, watoto, na jirani wa ukuta mmoja.

Kwa hiyo mtu akikuambia mojawapo ya maneno haya, amekuambia wewe. Hajamwambia mjomba, kiongozi wa dini, wala kikundi cha familia cha WhatsApp. Muulize neno hilo lina maana gani kwake, kwa sababu umeshaona kwamba watu wawili hulitumia tofauti. Kisha muulize ni nani mwingine anayejua, na kama anataka ulitumie mbele ya watu au mkiwa wawili tu.